Video Ishirini Zilizofaulu

Shangazi Veronika alikuwa akimenya ndizi mbichi, viganja vyake amevipaka mafuta ili utomvu usigande, pale Vaileth alipomwambia kwamba sasa anajua kwa nini chaneli yake haikui.

“Haya, niambie,” Veronika alisema bila kuinua macho. “Lakini ukisema ni sura yangu, chakula cha leo utaishia kunusa.”

Vaileth alicheka, akavuta kigoda karibu na jiko. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sosholojia chuoni Dodoma, na likizo hiyo alikuwa amerudi kwao Tukuyu akiwa na shauku ya kumfaa mtu. Shangazi yake, dada wa baba yake, alikuwa ameolewa Masoko na kufiwa na mume huko huko. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akipika mbele ya simu iliyofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya jiko: ndizi na maharage, magimbi, majani ya maboga kwa karanga. Hakuwa na haraka. Aliiacha sufuria ichemke, naye akakaa kimya kuisubiri. Chaneli aliiita Jiko la Mama Jotham, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kila video ilitazamwa na watu mia tatu au mia nne hivi, wengi wao wenyeji wa Rungwe waliotawanyika mijini. Waliandika chini yake, wakishukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga, mama, leo nimefika nyumbani.” Veronika aliwajua baadhi yao kwa majina. Hata hivyo alitamani wawe wengi zaidi, kwa kuwa ndoto yake ilikuwa siku moja wageni wanaokwenda kulitazama ziwa la Masoko wamjue na wapite kula kwake.

Jiko lile lilikuwa katika ua wa baba mkwe wake, Mzee Enosi, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na aliishi nyumba ya mbele kidogo. Yeye ndiye aliyeruhusu mambo ya kupiga video, na aliruhusu kwa sharti moja: chakula kionekane, ya familia yasionekane. Veronika alilelewa kwa desturi za zamani. Hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake wala kukatiza mbele yake. Alimwita Tata, na mzee naye, kabla ya kuingia uani, alikohoa kwanza ili mkwewe apate nafasi ya kusogea. Vijana wengi wa Masoko walikwisha kuiacha desturi hiyo. Hawa wawili hawakuiacha, na amani yao ilikaa juu ya mambo mengi ambayo hawakuwahi kuambiana.

“Nimechukua chaneli tano kubwa,” Vaileth alieleza, “za akina mama wanaopika huku wakizungumza. Kila moja nimechagua zile video nne zilizotazamwa kuliko zote. Jumla ishirini. Nimezitazama zote, shangazi, sekunde kwa sekunde. Na unajua nini? Kumi na tisa zinaanza na mtu anayelia, au na mgogoro wa familia. Zote zina maandishi makubwa mekundu. Hakuna hata moja ambayo mtu anakaa kimya kungoja sufuria.”

“Kwa hiyo nililie maharage.”

“Usiigize. Useme kweli. Watu wana kiu ya ukweli.” Vaileth aliamini alichokisema, na imani hiyo ilimwangaza uso. “Una jambo la Baba Jotham, shangazi. Hujawahi kulisema popote. Fikiria mwanamke aliyefiwa kama wewe, yuko Singida, yuko Tanga, hana wa kumwambia. Akusikie.”

Kisu kilisimama katikati ya ganda.

“Na Tata je?”

“Hatutamtaja jina.”

“Masoko nzima nina baba mkwe mmoja tu, mwanangu.”

“Babu hatazami YouTube. Na mimi sisemi kwa kubahatisha, shangazi. Ni kumi na tisa kati ya ishirini. Hiyo ndiyo kanuni yao.”

Veronika alilimalizia ganda, akaitumbukiza ndizi katika maji. “Mimi najua kupika,” alisema. “Wewe ndiye uliyesoma.”

Walirekodi siku iliyofuata, asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Veronika alisimulia akimenya, na machozi yalikuja bila kuitwa. Mumewe Ackson alizidiwa jioni moja ya masika. Veronika alitaka wamkimbize hospitali usiku ule. Baba mkwe akasema wasubiri kupambazuke. Kulipopambazuka Ackson hakuwa wa kukimbizwa tena. Alizungumza kwa muda mrefu, akarudi nyuma, akarekebisha maneno yake, akanyamaza, akaendelea. Vaileth, nyuma ya simu, alilia pia, na huku akilia alitambua kwamba mwanzo wa video ameshaupata.

Kazi ya kukata na kuunga ilifanywa na Lwitiko, kijana mwenye chumba cha kuchapa na kupiga picha za pasipoti karibu na stendi ya Tukuyu. Yeye na Vaileth walikuwa wamesoma pamoja sekondari, na Lwitiko hakuwa mtu wa kumwogopa msomi.

“Mheshimiwa Profesa,” alisema akiwa amevaa vipokea sauti, “hapa mama anasema barabara ya kule ilikuwa imekatika kwa maji, na kwamba Tata hakukosea, hata gari lingekuja lisingevuka. Hiki kipande nakiacha?”

Vaileth aliitazama karatasi yake. Katika video ishirini hapakuwa na hata moja iliyopunguza makali ya jambo lake lenyewe. “Kinapoza,” alisema. “Kata.”

“Na hiki cha mwisho? Anaongea polepole mno.”

“Kata.”

Lwitiko alikata. Kisha akaweka uso wa Veronika wenye machozi kwenye picha ya jalada, na maandishi mekundu ambayo Vaileth aliyatunga mwenyewe: BABA MKWE ALISEMA TUSUBIRI… MUME WANGU AKAFA.

Video ilipanda Jumatatu. Kufikia mwisho wa juma ilikuwa imetazamwa na watu wasiofika mia nne, idadi ile ile ya siku zote. Vaileth alifungua takwimu za chaneli kwenye simu yake akitafuta faraja, akakuta kitu ambacho kilimfanya aketi. YouTube yenyewe ilikuwa haijaipendekeza video kwa mtu yeyote wa kuhesabika. Wale watazamaji wa zamani, wa “ndaga, mama”, wengi waliifungua na kuondoka kabla ya dakika ya pili. Karibu wote waliobaki waliletwa na kiungo kilichorushwa WhatsApp: kundi la kwaya, kundi la ukoo, kundi la wana-Masoko waishio Dar es Salaam. Haikuwa imemfikia mwanamke wa Singida wala wa Tanga. Ilikuwa imewafikia wale tu waliomjua mzee kwa sura, kwa sauti na kwa jina.

Na jina waliliandika wao. “Huyu si Mzee Enosi?” mmoja aliuliza chini ya video. Mwingine akajibu, “Ndiye. Na kanisani anakaa mbele.”

Jumapili ile Mzee Enosi hakukaa mbele. Alimwomba mchungaji apumzishwe uzee wa kanisa, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango, na ibada ilipokwisha alitoka kabla ya wote. Hakuja tena uani kwa mkwewe. Njia ya kwake ilipita hapo, lakini sasa alizunguka kwa nyuma, kupitia migomba na kahawa, kwenye utelezi, na fimbo yake. Veronika alimwona kutoka mlangoni pa jiko. Aliifungua simu kutoka kwenye nguzo, akaiweka ndani ya kabati la vyombo, akageuza ufunguo.

“Shangazi, niifute?” Vaileth aliuliza.

“Fanya unavyojua,” Veronika alijibu. Hakuwa na hasira katika sauti, na hilo ndilo lililouma.

Vaileth alikwenda Tukuyu kwa Lwitiko. Alijiambia kwamba anakwenda kuifuta video ile, lakini moyoni alikuwa na ubishi. Njia nzima aliupanga: kanuni haina kosa, kosa liko kwenye utekelezaji. Pengine muziki. Pengine saa ya kuipandisha. Mtu aliyefaulu somo la mbinu za utafiti kwa alama ya juu hawezi kukosea jambo lililo wazi kiasi hicho.

“Nilikuambia muziki ule ni wa msibani,” Lwitiko alisema, akimkatia mteja picha za pasipoti kwa mkasi. “Lakini na wewe, Vai, ulikuwa na ishirini zako. Nani angekubishia?”

“Ishirini ni kweli. Ngoja nikuonyeshe.”

Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua chaneli aliyoipenda kuliko zote, ya mama mmoja mwenye wafuatiliaji wasiohesabika. Siku zote alikuwa akiifungua na kubonyeza palipoandikwa Maarufu, kisha kuanza kutazama kutoka juu. Safari hii, kwa kuwa kompyuta si yake na alikuwa na haraka, hakubonyeza. Ukurasa ulijipanga kwa tarehe.

Mama yule alikuwa akilia. Katika video iliyofuata alikuwa akilia tena. Katika ya tatu alikuwa amegombana na wifi yake. Maandishi mekundu, makubwa, yalishuka pamoja na ukurasa, safu kwa safu, na chini ya kila picha kulikuwa na idadi ya watazamaji ambayo, kwa chaneli kubwa kama ile, ilikuwa aibu. Vaileth aliendelea kushusha. Zilikuwa mamia. Zile nne alizozichagua zilikuwa humo humo, zimefanana na nyinginezo kama mapacha, ila zenyewe zilipata watu mamilioni na hizi hazikupata.

“Kuna nini?” Lwitiko aliuliza.

Vaileth alivuta kibodi karibu. Aliandika kwenye sehemu ya kutafutia maneno yanayofanana na yale aliyoyatunga yeye: baba mkwe, mume wangu, akafa. Akaamuru matokeo yapangwe kwa tarehe, si kwa umaarufu. Wakaja wanawake asiowafahamu, kutoka chaneli ndogo ndogo ambazo YouTube haikuwahi kumletea, kwa kuwa hakuna anayeletewa kisichotazamwa. Wote walikuwa na machozi na maandishi mekundu. Huyu alitazamwa na watu hamsini. Huyu tisini. Alifungua chaneli zao moja moja: video chache, kisha ile ya kilio, kisha kimya cha mwaka mzima au miwili. Hakujua waliacha kwa nini. Alijua tu kwamba kila mmoja alikuwa na baba mkwe mahali fulani.

Mteja aliondoka na picha zake. Lwitiko alivuta kiti, akatazama begani kwa Vaileth, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

“Kwa hiyo nao walifuata kanuni,” alisema.

“Walifuata.”

“Sasa kanuni ni ipi?”

Vaileth aliutafuta mfano, na ukaja ule wa nyumbani, kwa kuwa mama yake aliwahi kuchuma chai kwa vibarua na yeye alikulia kwenye kibanda cha mizani. “Ni kama nimekwenda mahali pa kupokelea chai,” alisema taratibu, “nikaangalia majani yaliyokubaliwa tu. Nikaona yote ni ya kijani. Nikatoka mbio nikawaambia watu: siri ya chai kukubaliwa ni kuwa kijani. Sikuligeuza kapu la yale yaliyokataliwa. Nayo yalikuwa ya kijani.”

“Basi machozi ndiyo yanayoharibu.”

“Hapana. Hata hilo siwezi kulisema.” Alijisikia kama mtu anayejivua nguo mbele ya watu. “Pengine yanasaidia kidogo, pengine hayasaidii. Orodha yangu haikuonyesha lolote, Lwitiko. Niliuliza waliofaulu wana nini, nikadhani nimeuliza ni nini kinachofaulisha. Ningelinganisha na walioshindwa ndipo ningejua. Jambo hili nilifundishwa. Nililiandika kwenye mtihani. Mwalimu alinipa alama zote.”

Alifuta video. Ilichukua mguso mmoja, na mguso wa pili wa kuthibitisha. Lakini watu walikwisha kuipakua, na katika kundi la ukoo kipande kifupi kilikuwa kinazunguka peke yake, bila chaneli, bila jiko: Veronika akisema, alisema tusubiri.

Alikwenda kwa Mzee Enosi peke yake, jioni mapema. Baba yake alitaka kumsindikiza, lakini Vaileth alikataa. Mzee alikuwa ameketi barazani akichambua maharage kwenye ungo, kazi ambayo wanaume wa rika lake hawakuifanya wakiwa na watu wa kuwafanyia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Keti.”

Alikuwa ameandaa maneno. Alisema kwamba kosa ni lake na wala si la shangazi. Kwamba sharti alilijua na alilivunja kwa makusudi. Kwamba alimlazimisha shangazi kwa takwimu ambazo hazikuwa takwimu. Alijaribu kueleza habari ya video ishirini, akaona jinsi maelezo yake yalivyokuwa yanaitafutia aibu yake mahali pazuri pa kukaa, akaacha katikati.

Mzee alitupa jiwe dogo nje ya ungo. “Mimi sijaiona,” alisema.

“Nimeifuta, babu.”

“Watu wote wameiona isipokuwa mimi. Ninakutana na mtu njiani, anajua nilichosema ndani ya nyumba yangu, mimi sijui yeye kasikia nini.” Aliuweka ungo chini. “Unayo hapo?”

Vaileth alikuwa nayo. Katika simu yake ilikuwamo ile iliyokatwa, na ilikuwamo nzima, kama alivyoirekodi. Kidole chake kilisita. Ingekuwa nafuu kumwonyesha nzima tu, aseme ndiyo hiyo. “Ziko mbili,” alisema. “Moja ndiyo waliyoiona watu. Nyingine ndiyo aliyoisema shangazi.”

“Anza na ya watu.”

Alimshikia simu. Alilazimika kusimama karibu naye kiasi cha kuisikia pumzi yake, na kuyasoma pamoja naye yale maandishi mekundu, ambayo mzee aliyafuata kwa midomo, neno kwa neno. Dakika zile hazikuwa nyingi. Mzee hakugeuza uso. Ilipokwisha alisema, “Nyingine.”

Katika ile nyingine Veronika alifika mahali pa barabara. Alisema maji yalikuwa yamebeba daraja la miti, kwamba Tata mwenyewe alikwenda kwenye mvua kulitazama akarudi amelowa hadi kifuani, kwamba hakukosea. Akaitumbukiza ndizi katika maji. Kisha akasema kwamba karibu na mwisho Ackson alifumbua macho akauliza kama ng’ombe wa baba wamekwisha kuingizwa zizini, asije akahangaika nao peke yake kwenye tope.

Mzee Enosi aliinyoosha mikono, akaichukua simu. Hakujua pa kuirudisha nyuma. Alimpa Vaileth, Vaileth akairudisha, naye akasikiliza tena mahali pale pa ng’ombe. Akataka tena. Siku ile ya msiba mkwe hakuweza kumsimulia baba mkwe mambo ya chumbani, na miaka iliyofuata hakuna aliyepata njia ya kuanza.

“Hakuniambia,” mzee alisema.

Hapo ndipo Vaileth alipojikamata. Ndani yake kitu kilikuwa kimeinua kichwa na kunong’ona kwamba basi, mwishowe, kuna faida. Kwamba bila video ile mzee asingesikia neno lile. Kwamba labda ukweli hushinda. Aliutazama uso wa mzee, uliokuwa umelegea na kuzeeka zaidi, na akakitambua kitu kile kwa sura. Ndicho kilichoketi naye wakati akihesabu zile ishirini. Kilikuwa kinachukua hili moja lililotokea vizuri na kuliweka mbele, na benchi la nyuma la kanisa, na njia ya utelezi, na jina lililoandikwa na watu, kinavifunika.

“Babu,” alisema, “sikukirekodi kwa ajili yako. Hicho kipande mimi ndiye niliyeamuru kikatwe.”

“Nimeelewa hivyo,” mzee alijibu. Alirudisha ungo magotini. Alisema atafikiri kuhusu kanisa, lakini hakusema atafikiri nini. Kuhusu jiko, alisema mkwewe apike apendavyo, ua sasa ni wake yeye. “Wewe,” aliongeza, “usije tena na simu.”

“Ndiyo, babu.”

Veronika alikuwa akimsubiri mlangoni pa jiko, khanga imefungwa kiunoni, sufuria motoni. “Amesemaje?”

Vaileth alifungua mdomo. Habari ilikuwapo ya kumpa, nzuri, yenye machozi, na angeweza kuisimulia namna ambayo wote wawili wangetoka wamesafika. Aliisimulia kama ilivyokuwa: kwamba mzee alitazama zote mbili, kwamba alirudia mahali pa ng’ombe, kwamba ua sasa ni wa shangazi, kwamba hakuahidi kurudi mbele kanisani, na kwamba yeye Vaileth amekatazwa simu.

“Na ile ya kwanza aliiona yote?”

“Yote.”

“Hata yale maandishi?”

“Aliyasoma.”

Veronika aliinama, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alikaa hivyo kitambo, mgongo umemgeukia mtoto wa kaka yake, na Vaileth hakujua kama aondoke au abaki, akabaki amesimama.

“Kata vitunguu,” Veronika alisema hatimaye. “Viko nyuma yako.”

Vaileth alikata vitunguu. Sufuria ilichukua muda wake wote kuchemka.